Mwani wa Kamba (2): Kiumbe Kisicho na Mzizi

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kilimo cha mwani kilivyoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na jinsi utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulivyoitangulia kazi hiyo. Leo tushuke shambani, tukishike kile kinachofungwa kwenye kamba na kukichunguza ni kitu gani. Mwani si mmea kama mihogo au minazi ilivyo mimea, na mengi yanayompata mkulima wa Paje au Jambiani, ya heri na ya shari, chanzo chake ni hapo.

Shamba la mwani huendewa wakati wa bamvu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapokupwa mbali. Katika pwani yetu maji ya bamvu hukauka asubuhi kiasi cha saa nne au saa tano, na ndipo utakapowaona kina mama wakielekea majini na mafurushi ya kamba kichwani. Vigingi viwili vya mti hupigiliwa mchangani, na kati yake huvutwa kamba ya nailoni, mara nyingi yenye urefu wa mita 10 hivi. Kamba hukaa juu ya mchanga kwa shubiri moja au mbili, isiuguse, kwa sababu mchanga unaosukwasukwa na mawimbi huuchubua mwani. Mahali pa kuweka shamba huchaguliwa kwa kuangalia maji ya bamvu yenyewe: hata bahari ikikauka sana, mwani lazima ubaki umefunikwa. Ukiachwa wazi juani kwa muda mrefu, unaungua.

Kwenye kamba hiyo hufungwa vipande vya mwani kwa taitai, yaani vikamba vyembamba vya plastiki, kila baada ya sentimita 20 au zaidi kidogo. Tuchukue kamba moja yenye vipande 50, kila kimoja gramu 100. Hiyo ni mbegu ya kilo 5. Mwani ukikua vizuri, uzito wake huongezeka kwa asilimia 4 kila siku, na ongezeko la leo nalo huzaa ongezeko la kesho. Baada ya wiki sita, yaani mabamvu matatu, kipande cha gramu 100 kinakaribia gramu 520 na kamba nzima inabeba kilo 26. Mkulima akirudisha kilo 5 kuwa mbegu, anabaki na kilo 21. Zikianikwa hadi kukauka, kwa makadirio ya kilo 8 mbichi kwa kilo moja kavu, anapata kilo mbili na nusu za kuuza. Sasa tushushe ukuaji hadi asilimia 3. Baada ya wiki zilezile sita kamba ina kilo 17 tu, na akishatoa mbegu anaambulia kilo moja na nusu kavu. Asilimia moja kwa siku, ambayo jicho halioni, imechukua kilo nzima kati ya mbili na nusu.

Hapo ndipo swali linapoanza. Mkulima wa muhogo naye hupanda kipande cha shina, lakini kipande kile hakiendi popote mpaka kitoe mizizi na kuanza kunywa maji ya ardhini. Kipande cha mwani hakitoi mzizi wowote kwenye kamba, na bado kinaongezeka uzito mara tano. Fundo la taitai halilishi chochote, kazi yake ni kukizuia kisichukuliwe na mkondo.

Chukua tawi bichi la mwani mwembamba, ule unaoitwa spinosamu, ulikate kwa wembe na kuutazama mkato kwa kioo cha kukuzia. Utaona utando wa nje wenye rangi, na ndani yake nyama nyeupe inayoteleza, imejaa seli kubwa za mviringo. Hakuna nyuzi na hakuna mishipa ya kupandisha maji au kushusha chakula. Hakuna pia jani, shina wala mzizi, kwa sababu sehemu zote ni mwili uleule. Kila sehemu ya ngozi hunywa chumvichumvi kutoka kwenye maji yanayoipitia, na kila sehemu yenye rangi hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo sababu kipande chochote kilichovunjwa chaweza kuendelea na maisha peke yake, na ndiyo sababu shamba lililowekwa kwenye maji yaliyotuama hudumaa hata kama maji ni safi. Mkondo usipopita, chakula hakifiki.

Hatua chache kutoka kwenye kamba huota nyasi za baharini, na watu wengi huzichanganya na mwani. Hizo ni mimea halisi. Zing'oe kidogo uone: zina mizizi iliyozama mchangani, zina mashina yanayotambaa chini kwa chini, zina mishipa ndani ya majani, na huchanua maua na kuzaa mbegu ndani ya maji. Mababu zao walitoka nchi kavu wakarudi baharini. Mababu wa mwani hawakuwahi kutoka.

Katika ukoo mpana wa viumbe, spinosamu na mwenzake kotonii, yaani mwani mnene, ni wa kundi la mwani mwekundu, hata kama ukiwatazama majini waweza kuwaona kijani au kahawia. Mwani mwekundu una undugu wa mbali na mimea: zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita babu yao mmoja alimeza bakteria anayetumia mwanga wa jua, akaishi naye. Baadaye koo zikatengana. Mimea yote ya nchi kavu ilitokana na mwani wa kijani, kwa hiyo mchicha wa bustanini una undugu wa karibu zaidi na utando wa kijani unaoteleza kwenye mawe ya ufukweni kuliko huo ulio nao na spinosamu. Mwani wa kahawia, ule unaosukumwa pwani kwa mafungu wakati wa kusi, ni ukoo mwingine kabisa. Kwa kweli tunapotamka neno mwani tunakusanya pamoja viumbe ambao nasaba zao zimepishana sana, wakifanana kwa makazi na kazi tu.

Mzunguko wa maisha wa mwani mwekundu nao haufanani na wa mmea wowote tunaoulima. Una hatua tatu. Kwanza kuna mwani dume na mwani jike, kila mmoja akiwa na seti moja tu ya kromosomu, nusu ya kawaida. Mbegu za kiume za ukoo huu hazina mkia na haziwezi kuogelea. Huachwa majini zipeperuke, na kwa bahati moja ikanasa kwenye unywele mwembamba ambao jike ameutoa. Kwa kuwa bahati hiyo ni adimu, kila utungisho mmoja hutumiwa kikamilifu: badala ya kuzaa mtoto mmoja, yai lililotungwa hukua kuwa kiumbe cha pili, kidogo kama chunusi, kinachoishi juu ya mwili wa mama na kutoa spora nyingi. Spora hizo hunasa kwenye mwamba na kuwa mwani wa hatua ya tatu, wenye seti mbili za kromosomu, ambao kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa kwanza. Huo nao hutoa spora nne nne, zinazoota madume na majike wapya, na duara linafunga.

Kutojua duara hili kuliwahi kuwagharimu wakulima wa Japani, waliolima nori, mwani mwekundu mwingine, kwa kungoja spora zinase zenyewe kwenye nyavu. Mwaka mmoja zilikuja, mwaka mwingine hazikuja, na hakuna aliyejua zinatoka wapi. Mwaka 1949 mtafiti Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, aligundua kwamba nyuzinyuzi nyekundu zinazojichimbia ndani ya makombe ya baharini, zilizodhaniwa kuwa kiumbe tofauti, ni hatua moja ya maisha ya nori. Tangu hapo wakulima wakaanza kulea spora kwenye makombe ndani ya matangi. Wamemjengea mnara huko Uto, mkoa wa Kumamoto.

Sisi tumelikwepa duara lote. Mbegu ya mkulima wa Jambiani ni tawi la mwani uliotangulia, nao ulikuwa tawi la mwingine, kurudi nyuma hadi vipande vilivyotoka Ufilipino. Dume na jike hawakutani shambani. Kwa hiyo kamba zote ni kama mwili mmoja uliokatwakatwa, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mwani unaolimwa kwetu ni wa nasaba ya Asia ya Kusini-Mashariki, tofauti na ule unaoota wenyewe katika pwani ya Afrika Mashariki. Faida yake ni kwamba mkulima anajua atavuna nini. Hasara yake ni kwamba udhaifu wa kipande kimoja ni udhaifu wa shamba zima.

Joto ndilo limefichua udhaifu huo. Maji ya kina kifupi yakifika nyuzi joto 33 hadi 35 kwa siku kadhaa, mwani huelemewa, bakteria waliokuwa juu ya ngozi yake huingia ndani, na sehemu ya tawi hugeuka nyeupe, ikalainika na kukatika. Mvua kubwa inayopunguza chumvi ya maji huleta madhara yaleyale. Kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ndio umeathirika zaidi, na katika mashamba mengi ya Zanzibar umebaki spinosamu wa bei ya chini.

Weupe huo usichanganywe na meno ya chafi. Samaki huyo hukata ncha, na tawi linalobaki huwa gumu lenye rangi yake. Ugonjwa huanzia popote, mara nyingi katikati ya tawi, na ukilibonyeza kwa vidole linapondeka. Ukiona vidoa vyeusi vinavyotokeza nywele fupi ngumu, huo ni mwani mwingine mdogo unaoota juu ya wako, na vipande vyake vitolewe majini kabisa, visiachwe vielee.

Kuhamishia kamba kwenye maji ya kina, zikielea kwa maboya au mwani ukiwekwa ndani ya mirija ya nyavu, kunasaidia kwa sababu huko maji hayapati moto upesi. Dk. Flower Msuya na wenzake wamelifanyia kazi jambo hili Zanzibar kwa miaka mingi. Lakini panahitajika chombo na watu wanaojua kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa. Wala kina hakibadilishi nasaba. Kwa hilo inabidi kurudi kwenye duara tulilolikwepa: kukusanya mwani wetu wa mwituni wenye dume na jike, kulea spora zake, na kuchagua miche inayostahimili joto. Ni kazi ya miaka, na taasisi zetu za utafiti zinapaswa kupewa fedha za kuifanya.

Kwa sasa, ewe mkulima, usikate mbegu kwenye kamba iliyoanza kuwa nyeupe, hata ncha zake zikionekana nzima. Chagua matawi machanga, magumu, yenye rangi iliyokolea, na uyafunge upya siku hiyohiyo kabla maji hayajajaa. Wiki ijayo tutaufuata mwani baada ya kuanikwa, tuone ute wake unavyotolewa na kwa nini ule wa kotonii huganda kwa ugumu kuliko wa spinosamu.