Barua fupi ya shukrani kwa nesi wa zahanati

Mama akipewa rufaa usiku kutoka zahanati ya kijijini wilayani Iramba kwenda hospitali ya Kiomboi, nesi aliyempakia kwenye gari la wagonjwa mara nyingi hapati habari tena. Hajui kama mama alipona. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kuandika kwenye barua yako ni matokeo, kisha kile alichokufanyia.

Huhitaji majina ya kitabibu. Andika ulichokiona. Kwa mfano:

"Habari za kazi, Sista. Mimi ndiye mama uliyemzalisha usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 9 Machi. Nimepona, na mtoto anaendelea vizuri, sasa ana kilo 4 na nusu. Usiku ule damu haikukata. Ulinikanda tumbo, ukanichoma sindano na kuniwekea dripu, huku ukimweleza mama mkwe kila unachofanya, naye akatulia. Kiomboi waliniongezea chupa 2 za damu. Asante kwa kutoniacha hadi gari lilipofika. Mama Neema."

Hiyo inatosha. Tarehe inamsaidia kukukumbuka kati ya akina mama wengi. Habari ya chupa 2 za damu inamwonyesha kwamba hakukosea kukupa rufaa mapema. Na ile ya mama mkwe inamwambia kwamba maneno yake nayo yalisaidia, jambo ambalo huenda yeye mwenyewe hakulitilia maanani. Ukiandika tu "wewe ni malaika, hakuna nesi kama wewe", atafurahi, lakini hatajua ni kipi alichofanya vizuri. Dua ya mstari mmoja mwishoni haina ubaya.

Kama hujui jina lake, taja tarehe na zamu, mfano "nesi wa zamu ya usiku". Ukiwa huandiki vizuri, mwambie mtu aandike unavyosema, kisha akusomee kabla ya kufunga.

Barua inaweza kusomwa na wengine pale mezani, kwa hiyo usitaje majibu ya vipimo vyako wala siri za mama mwingine uliyelala naye wodini. Usimlinganishe nesi huyo na mwenzake aliyekukera, maana barua itazua ugomvi kazini. Lalamiko liandike kwenye karatasi nyingine, ulitie kwenye sanduku la maoni. Pesa usiweke ndani ya bahasha, hata kidogo. Inaweza kuonekana kama rushwa, na atakayeulizwa ni yeye.

Siku nzuri ya kuipeleka ni unapompeleka mtoto chanjo ya wiki 6, kwani wakati huo una habari za kutosha za kumweleza. Nakala ya pili mpe mganga mfawidhi, ambaye anaweza kuihifadhi kwenye jalada la mtumishi huyo.