Hita ya Maji Haitaki Namba Moja

Swali ni lile lile, na wiki hii nimeulizwa tena: “Fundi, nina mtoto mdogo nyumbani, hita niiweke namba ngapi asiungue?” Kabla sijafungua mdomo, anayeuliza huwa ameshajijibu. Ameishusha hadi nyuzi 40, kwa kuwa hayo ndiyo maji ya kuogea, na anachotaka kwangu ni kuambiwa amefanya vizuri. Hajafanya vizuri.

Kasoro imo ndani ya swali lenyewe, maana linataka joto moja lifanye kazi mbili zinazopingana. Maji yakiwa ndani ya tangi yanatakiwa yawe na moto wa kuua vijidudu. Yakifika bombani yanatakiwa yasiwe na uwezo wa kumbabua mtoto. Kila sehemu ina joto lake: tangini nyuzi 60, bafuni kwa mtoto zisizidi 45. Australia kanuni za mabomba zimekwenda hivyo hivyo: maji hutunzwa kwenye hita kwa nyuzi 60, yakifika bafu za nyumbani yasizidi 50, na kwenye shule za watoto wadogo yasizidi 45.

Sasa hiyo 40. Kuna bakteria anaitwa legionela, anayeishi kwenye maji ya kawaida na kuleta nimonia kali. Humea kati ya nyuzi 20 na 45, na hustawi zaidi karibu na joto la mwili wa binadamu. Kwa hiyo anayeweka hita kwenye 40 amempa bakteria huyu maji yaliyotulia, yenye giza, kwenye joto analolipenda, usiku na mchana. Na hata hiyo 40 haipo tangi zima. Maji baridi huingilia chini, hivyo chini kuna ubaridi zaidi kuliko juu, na huko ndiko tope na kutu hujikusanya na kuota utando. Ndani ya utando huo ndimo bakteria hujificha.

Naambiwa, “Lakini maji hayo hatuyanywi.” Legionela hapiti kwa kunywa hasa, anapitia kwenye pumzi. Shawa hutawanya matone madogo mno, mtu anayavuta, yanashuka mapafuni. Naambiwa pia, “Tumeoga hivyo miaka na hakuna aliyeugua.” Nimonia ya legionela haina alama usoni. Mgonjwa hufika hospitali ana homa na kikohozi, huandikiwa nimonia, na kipimo cha bakteria huyu mara nyingi hakiagizwi. Na katika nyumba hizi zenye mtoto mdogo, aliye hatarini zaidi si mtoto. Ni bibi aliyekuja kumlea, ni babu mvuta sigara wa siku nyingi, ni mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa maradhi au dawa. Hao wanaoga maji ya tangi lile lile mlilolishusha kwa ajili ya mtoto.

Wengine humwaga klorini kwenye tangi la juu wakidhani wamemaliza kazi. Klorini hupungua nguvu haraka kwenye maji ya moto, na ule utando haiupenyi vizuri. Haichukui nafasi ya joto.

Kundi la pili linanichosha zaidi, kwa sababu linaamini limefuata ushauri. Themostati yao kweli iko kwenye 60, ila ili kubana uniti za umeme huwasha hita dakika 20 kabla ya kuoga na kuizima wakimaliza. Tupige hesabu. Chukua hita ya lita 80 yenye koili ya kilowati 1.5, na maji yanayoingia yana nyuzi 20, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za nyanda za juu. Kuyafikisha 60 kunahitaji karibu uniti 3.7, yaani saa mbili na nusu za koili kuwaka mfululizo. Dakika 20 zinatoa nusu uniti, ambayo huongeza nyuzi tano na kidogo tu kwenye tangi zima. Hita hiyo haijawahi kuiona 60. Inapanda na kushuka ndani ya yale yale maeneo bakteria anayoyapenda, huku mwenye nyumba akiitazama namba kwenye themostati na kulala kwa amani. Iacheni iwake mpaka taa yake izime yenyewe. Taa ikizima ndipo maji yamefika.

Na 60 si hasara mnayoiogopa. Lita 80 za nyuzi 60, zikichanganywa na maji baridi ya nyuzi 20 ili kupata maji ya 40, zinakupa karibu lita 160 za kuogea. Tangi hilo hilo likiwa na 45 linakupa lita 100 tu. Nyumba ya watu sita inaijua tofauti hiyo asubuhi.

Hofu ya kuungua ni ya kweli, siipuuzi hata kidogo. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde tano. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, naye huungua mapema zaidi. Mtoto aliyejisukumia bomba la moto akiwa ndani ya beseni hana muda wa kusubiri mama atoke jikoni. Ndiyo maana 60 haitakiwi kufika kwake.

Kinachoizuia ni valvu ya kuchanganya maji yenye themostati yake. Hufungwa kwenye bomba la moto kabla ya bafu. Inapokea moto upande mmoja na baridi upande wa pili, na kutoa joto moja ulilolipanga. Mwambie fundi aipange kwenye 45 au chini kidogo, kisha usimlipe kabla hajakuonyesha jaribio hili: shawa ikiwa inatiririka maji ya moto, afunge maji baridi yanayoingia kwenye valvu. Mtiririko wa moto ukatike ndani ya sekunde chache. Ukiendelea, valvu ni mbovu au si ya aina hiyo. Presha za moto na baridi zisipishane sana, na pande zote mbili ziwekewe valvu za kuzuia maji yasirudi. Jaribio lirudiwe kila mwaka, maana chumvi ya maji huikwamisha.

Huna pesa ya valvu mwezi huu? Weka 50 iliyopimwa bombani, si iliyosomwa kwenye hita, na usishuke chini ya hapo. Mara moja kwa wiki, watoto wakishalala, ipandishe hadi 60, iache saa nzima, uirudishe; asubuhi inayofuata mtu mzima ndiye afungue maji kwanza. Nyumba yenye mgonjwa wa kinga dhaifu isitumie njia hii, inunue valvu. Pima kwa kipimajoto cha jikoni; cha homa huishia karibu na 42. Subiri taa izime, acha maji yatiririke dakika mbili, kinga kikombe, soma. Beseni la mtoto lianze na baridi, ndipo moto uongezwe, na usiondoke. Bafu la wageni lisilotumika lifunguliwe maji kila wiki. Kwa wenye shawa ya instanti, haya ya tangi hayawahusu, lakini kichwa cha shawa kikiota ukoko kifunguliwe na kusuguliwa. Mtoto akiungua, maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20 na safari ya hospitali. Dawa ya meno na asali viacheni kabatini.