Taya linauma ukiamka? Huenda unasaga meno usiku

Kabla hujaomba daktari akung'oe gego linalouma, jiulize: maumivu huwa makali saa ngapi?

Jino lililotoboka huuma zaidi likiguswa na maji baridi au kitu kitamu, na maumivu huweza kukuamsha usiku. Anayesaga au kubana meno usingizini huamka taya likiwa zito, mapanja yakigonga, na kufikia mchana maumivu hupungua. Kinachouma hapo ni misuli ya taya iliyofanya kazi usiku kucha.

Chukua mfano wa binti wa kidato cha nne. Miezi miwili kabla ya mtihani anaanza kulalamikia magego ya pande zote mbili, na mdogo wake anayelala naye chumba kimoja anasikia meno yakisagika. Daktari wa meno haoni tundu. Anachoona ni ncha za meno zilizolika, na alama za meno kandokando ya ulimi. Akibonyeza misuli ya mashavu, binti anashtuka kwa maumivu. Kung'oa jino hapo hakumsaidii.

Tiba yake inaanza mchana, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hubana meno hata akiwa macho bila kujua. Midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana, isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Binti abandike karatasi ndogo kwenye daftari lake. Kila akiiona, aachanishe meno na kulegeza mabega. Aache kutafuna kalamu na bablishi, na asinywe kahawa kuanzia mchana. Kabla ya kulala afunge vitabu mapema, kisha aweke kitambaa cha uvuguvugu mashavuni kwa dakika 15.

Meno yakiendelea kulika, daktari huchukua vipimo vya kinywa na kumtengenezea kikinga meno cha plastiki cha kuvaa usiku. Kifaa hiki hulinda meno yasilike, lakini hakiondoi wasiwasi wala hakizuii kubana. Mazoezi ya mchana yaendelee.

Mzazi mwenye mtoto mdogo anayesaga meno asikimbilie dawa ya minyoo. Kusaga meno peke yake hakuthibitishi kwamba mtoto ana minyoo, na wengi huacha wenyewe wanapokua.

Nenda hospitali mapema ikiwa jino limepasuka, taya linakwama, au kinywa hakifunguki kiasi cha kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa juu kwa chini. Fanya hivyo pia kama anayesaga meno hukoroma na pumzi hukatika usingizini. Na kama kusaga kulianza baada ya kupewa dawa za sonona, mweleze daktari aliyekuandikia, usiziache mwenyewe.