Miksa ya Jikoni Inayovuja: Kujua Ilivyoungwa Kabla ya Kuing'oa

Miksa ya jikoni, yaani bomba linalochanganya maji ya moto na ya baridi, si lazima ibadilishwe kila inapovuja. Maji yanayodondoka mdomoni hata mpini ukiwa umefungwa, au yanayochuruzika chini ya mpini wenyewe, mara nyingi hutokana na katriji iliyochakaa. Katriji ni kile kidude cha plastiki chenye visahani vya kauri ndani yake, na hupatikana madukani kwa upana wa milimita 35 au 40. Ikipatikana inayolingana, kazi imekwisha. Miksa nzima hubadilishwa pale mwili wake unapokuwa umepasuka au kuliwa na kutu, au katriji yake inapokosekana, jambo la kawaida kwa miksa za bei rahisi zisizo na jina.

Ikishaamuliwa kuwa inabadilishwa, swali la kwanza ni miksa imekaa wapi. Ya ukutani hutokeza kwenye vigae kwa miguu miwili, na kutoka katikati ya mguu mmoja hadi katikati ya mwingine kwa kawaida ni milimita 150. Ya juu ya sinki husimama kwenye tundu moja la kama milimita 35, na chini yake huning'inia mipira miwili iliyofumwa kwa waya, ambayo mafundi huiita fleksibo. Zipo pia za kizamani zenye miguu miwili iliyopenya sinki kwenye matundu mawili. Kwa hizo hupimwa umbali wa matundu, la sivyo mpya haitaingia.

Swali la pili ni ukubwa wa tredi, na hapa ndipo watu wengi hupotezwa na rula. Tredi iitwayo ya nusu inchi haina nusu inchi popote inapopimwa. Upana wake wa nje ni karibu milimita 21, ilhali nusu inchi ni milimita 13 hivi. Jina hilo lilitokana na tundu la paipu za chuma za zamani, si tredi yake. Vivyo hivyo, tredi ya robo tatu ina milimita 26 na kidogo, na ya tatu ya nane karibu milimita 16 na nusu. Anayekwenda dukani na vipimo hivyo vya nje, au vizuri zaidi na kipande chenyewe cha zamani mfukoni, harudi mara ya pili.

Jambo jingine la kutazama ni nini hasa kinachozuia maji kwenye kiungo. Viungo vingine huzibwa na tredi yenyewe ikisaidiwa na tepu nyeupe. Vingine huzibwa na washa ya mpira iliyolala bapa ndani ya nati, na tredi kazi yake ni kuibana washa tu. Kufunga tepu kwenye kiungo cha washa hakuongezi kitu. Tena tepu ikiwa nene, nati hugoma kabla washa haijakandamizwa, na maji hupita. Mafundi wenye haraka hufunga tepu kila mahali, na ndiyo maana kazi nyingine mpya huvuja siku hiyohiyo.

Miksa ya ukutani inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Ukutani huingia vipande viwili vilivyopinda kidogo, upande mmoja tredi ya nusu inchi, upande wa pili robo tatu. Upande wa nusu inchi unaoingia kwenye elbo ya ukutani huzibwa kwa tepu. Upande wa robo tatu, ambako nati kubwa za miksa hukaa, huzibwa kwa washa. Basi ikiwa vipande hivyo ni vizima, huachwa palepale. Nati mbili hufunguliwa kwa spana malaya, miksa kuukuu hutoka, washa mpya huwekwa na miksa mpya hufungwa. Kuving'oa bila sababu ni kutafuta balaa, kwani elbo iliyozikwa ikizunguka au kupasuka, vigae lazima vivunjwe.

Miksa ya juu ya sinki haina hatari hiyo, ila ina taabu ya nafasi. Tuseme imelowa kwenye kitako, na kabati la chini limeanza kuvimba. Zinahitajika spana malaya ya inchi 8 au 10, tochi, ndoo, kitambaa, na spana ya bomba lenye tundu, ndefu kiasi cha kupita juu ya boliti inayoning'inia. Nati ya boliti hiyo huwa ya milimita 11, 12 au 13, kwa hiyo hutazamwa kwanza. Baadhi ya miksa hufungwa kwa nati moja kubwa ya plastiki au shaba, na hiyo hutaka spana ndefu yenye meno kichwani, ile ya kufikia nyuma ya sinki.

Maji hufungwa kwenye valvu mbili ndogo za ukutani chini ya sinki. Valvu iliyokaa miaka bila kuguswa huweza kukataa kufunga kabisa. Hapo hufungwa ile ya kutoka kwenye tangi, na kama miksa inapata maji ya hita, hita huzimwa. Miksa hufunguliwa ili maji yaliyobaki yatoke, ndoo ikiwekwa chini. Kisha fleksibo hufunguliwa kwenye valvu, huku mkono mwingine ukishika valvu isizunguke na kulegeza tepu iliyo ukutani. Nati ya boliti ikiwa imeshikwa na kutu, hupuliziwa mafuta ya kulegeza na kuachwa kwa dakika kama kumi na tano.

Fleksibo mpya hufungwa kwenye miksa kabla haijapandishwa, kwa kuwa juu ya meza mkono unafika vizuri. Shingo zake hulingana na tredi ya milimita 10, mara nyingi moja fupi na nyingine ndefu. Fupi hutangulia, ili vichwa visigongane. Hukazwa kwa vidole, kisha spana kidogo tu, maana pete ya mpira ndiyo inayoziba. Miksa iliyoletwa kutoka Ujerumani huweza kuja na ncha za tatu ya nane, wakati valvu za ukutani ni nusu inchi. Kiungo cha kubadili hununuliwa kabla sinki haijabomolewa.

Miksa hushushwa tunduni ikiwa na pete yake ya mpira juu ya sinki, na chini huwekwa washa na bati la umbo la kwato, kisha nati. Kabla ya kukaza kabisa, hutazamwa kama mdomo unaelekea katikati. Fleksibo ya moto hufungwa upande wa kushoto, bila kupinda wala kusokoteka, kwa mkono kwanza na robo mzunguko wa spana.

Kichujio cha mdomoni hutolewa, maji hufunguliwa kwa dakika moja ili uchafu upite, kisha hurudishwa. Mwisho, kila kiungo hupanguswa kikauke na kuzungushiwa karatasi ya chooni. Tone dogo lisiloonekana kwa jicho huacha doa kwenye karatasi hiyo. Likitokea, nati huongezwa kidogo, na likiendelea, washa hutolewa na kutazamwa kama imekaa upande.