Kisa cha M-Pesa chini ya vichwa vya uchambuzi

Kisa cha biashara huandikwa kama hadithi, tukio likifuata tukio. Mwanafunzi akikifupisha aya kwa aya, anachopata ni hadithi fupi. Kiolezo cha uchambuzi huivunja hadithi hiyo na kuipanga upya chini ya vichwa visivyobadilika: uamuzi, tatizo, ushahidi, njia zilizopo, vigezo, pendekezo.

Tuchukue M-Pesa. Mwezi Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom zilianza kuijaribu Kenya pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, ili wakopaji walipe marejesho kwa simu. Wateja hawakufika 500. Baada ya muda wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na wengine waliziweka kabla ya safari wakazitoa walikofika. Faulu nayo ikahangaika kuoanisha malipo ya simu na hesabu zake.

Chini ya “uamuzi” huandikwa mambo matatu: nani anaamua, anaamua nini, na lini. Hapa ni wakuu wa mradi, majaribio yalipokwisha, wakiamua wazindue huduma ya aina gani. Tarehe ni muhimu kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, msomaji huandika kwamba M-Pesa ilifaa kwa sababu ilikuja kupata mamilioni ya wateja, jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua.

“Tatizo” ndiko wengi hukwama. Wanaandika kwamba Faulu ilishindwa kuoanisha hesabu, lakini hiyo ni dalili tu. Tatizo ni kwamba huduma ilijengwa kwa ajili ya marejesho ya mikopo, na wateja wakawa na haja nyingine.

Kichwa cha “ushahidi” kinastahili nafasi kubwa kuliko vyote. Kila jambo liandikwe na ukurasa lilikotoka, kisha linachothibitisha na lisichothibitisha. Kutumiana pesa kunathibitisha kwamba haja ipo. Hakuonyeshi ni Wakenya wangapi wanayo, maana waliojaribu walikuwa wachache na walitoka kwenye vikundi vya mikopo. Sentensi inayoweza kuhamishiwa kampuni yoyote bila kubadilika, kama “ushindani ulikuwa mkali”, ifutwe.

Njia zilikuwa kubaki na mikopo, kuhamia kutuma pesa, au kubeba yote mawili. Vigezo viandikwe kabla ya kuchagua, la sivyo vitatungwa ili kuitetea njia iliyokwishapendwa. Viwili vinatosha: mteja ataielewa huduma upesi kiasi gani, na wakala atabeba kazi kiasi gani. Kwa vigezo hivyo, marejesho ya mikopo yanaanguka.

Mwezi Machi 2007 Safaricom ilizindua huduma yenye ujumbe wa kutuma pesa nyumbani. Hilo liwekwe mwisho kabisa, chini ya kichwa “kilichofuata”, na lijazwe baada ya mwanafunzi kuandika pendekezo lake mwenyewe.