Arobaini Elfu ya Kuonja Keki

Mama mmoja alikuja jikoni kwangu Tabata Jumatatu asubuhi, wiki moja baada ya binti yake kuonja keki na kuchagua. Alikaa, akanywa maji, kisha akanyoosha mkono. "Mwanangu, ile arobaini elfu yetu ya kuonja iko wapi? Mmeandika wenyewe kwamba ukiagiza inarudishwa."

Nilifungua tangazo langu nikalisoma upya. Chini ya picha niliandika: "Ada ya kuonja 40,000, inarudishwa ukiweka oda." Mimi nilimaanisha inakatwa kwenye bei ya keki. Yeye alisoma kwamba anarudishiwa pesa mkononi, na kwa Kiswahili changu mwenyewe, yeye ndiye aliyesoma sawasawa. Nilimpa pesa yake, na tangu siku hiyo neno "inarudishwa" halijaonekana tena kwenye matangazo yangu. Naandika "inakatwa", halafu naeleza inakatwa wapi.

Maana hapo "wapi" pana uzito wake. Tuchukue oda ya 900,000 ambayo nusu yake hulipwa kama kianzio. Ada ya 40,000 ikikatwa kwenye kianzio, familia italipa 410,000 leo na 450,000 wiki ya harusi. Ikikatwa kwenye salio, italipa 450,000 leo na 410,000 baadaye. Jumla ni ileile, 860,000, lakini kamati ambayo michango yake bado inasuasua itajali sana. Mimi hukata kwenye kianzio, siku ileile oda inapoandikwa, risiti ya kuonja ikiwa bado ipo mkobani. Ukingoja mpaka salio, miezi miwili imepita, aliyelipa ada ni bibi harusi, anayelipa salio ni mhazini wa kamati, na hakuna anayekumbuka karatasi iko kwa nani.

Mambo mengine mawili huamua kama ada itahesabiwa. La kwanza ni kiwango cha chini cha oda. Mtu akionja kwa 40,000 kisha akaagiza kikeki cha 60,000 cha kumpelekea mkwe, mwokaji hawezi kuikata ada yote hapo. Kwa hiyo mimi nimeweka oda ya kuanzia 400,000. La pili ni muda: siku 14 tangu kuonja. Ukipita hapo, tarehe yako inaweza kuwa imeshachukuliwa na mwingine. Usipoagiza kabisa, ada haitoki, na tangazo linapaswa kulisema hilo waziwazi.

Wengine huona ada yenyewe ni uchuuzi. Lakini tazama jinsi vile vipande vinavyopatikana. Huwezi kuoka robo ya keki, kwa hiyo ili upate vipande viwili vya kila ladha, lazima uoke keki nzima ndogo ya kila ladha. Ladha nne ni michanganyiko minne, mayai, siagi, gesi, na asubuhi nzima. Wakija wachumba watatu siku moja, keki zilezile zinawatosha wote. Ndiyo maana waokaji wengi huweka siku maalumu ya kuonja na hutaka ujiandikishe siku kadhaa kabla. Mimi nataka siku tano.

Sasa ukubwa, ambako naona familia nyingi zikipotea. Tumezoea kuuliza keki ya kilo ngapi, na kwa siku ya kuzaliwa inatosha. Kwa harusi, uliza inalisha watu wangapi, na kipande cha kila mtu kikoje. Kipande cha kawaida cha harusi ni upana wa inchi moja, urefu wa inchi mbili, na kimo cha keki yenyewe, kama inchi nne. Kwa kipimo hicho keki ya duara ya inchi 6 inatoa vipande 12 hivi, ya inchi 8 vipande 24, ya inchi 10 vipande 38. Zipange ghorofa tatu: inasimama vizuri sana kwenye picha, lakini inalisha watu 74 tu.

Wageni wakiwa 250, usiongeze ghorofa. Agiza keki bapa za kukatia jikoni, za ladha ileile, ambazo hazipambwi na kwa hiyo bei yake ni ndogo. Moja ya inchi 12 kwa 18 inatoa vipande 108. Mbili pamoja na ile ya mbele ya ukumbi zinafika 290, na wapishi na walinzi nao wanapata. Zile keki ndogo za kukabidhi wazazi wa pande zote mbili zihesabiwe peke yake. Nimeona ukumbini mhudumu akihangaika na kisu kwa sababu ghorofa ya juu, iliyokuwa kwenye hesabu ya wageni, imebebwa na wakwe.

Kuhusu muda, onja wiki nane kabla ya harusi, na oda ifungwe wiki sita kabla. Kwa Desemba, na kwa miezi inayofuata Ramadhani na Pasaka, sogeza mbele zaidi, maana harusi zilizosubiri mfungo na Kwaresima hushuka kwa pamoja na jiko ni lilelile. Keki ya matunda nayo ina kalenda yake, kwa sababu matunda hulowekwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuokwa. Hapo uliza yamelowekwa kwenye nini. Wapo wanaotumia juisi ya machungwa, wapo wanaotumia ramu au brandi, na ulimi wa asiyezoea hautambui. Kwa familia ya Kiislamu hilo ni jambo la kuandikwa kwenye tangazo, lisisubiri mtu aulize.

Ladha nyingine hazihitaji maneno mengi: vanila, chokoleti, limau, karoti, nazi na iliki. Onja kuanzia nyepesi kwenda nzito, limau kwanza na chokoleti mwisho, na maji ya kawaida katikati, kwa sababu chokoleti ikitangulia hutaisikia iliki.

Hivi ndivyo tangazo langu linavyosomeka sasa:

"Kuonja keki za harusi, Jumamosi saa 4 asubuhi. Ladha nne: vanila, limau, nazi na iliki, matunda (yamelowekwa kwa juisi, bila pombe). Jiandikishe kabla ya Jumatatu. Ada 40,000 kwa wachumba na mgeni mmoja. Ukiagiza keki ya kuanzia 400,000 ndani ya siku 14, ada yote inakatwa kwenye kianzio. Usipoagiza, ada hairudi. Ghorofa tatu (inchi 6, 8, 10) inalisha watu 74; keki za jikoni zinaongezwa kwa idadi ya wageni. Oda ifungwe wiki sita kabla ya harusi."

Jambo moja tu halimo humo, nalo huwaambia wakifika. Chumba changu cha kuonjea kina kiyoyozi, na krimu ya siagi humo husimama kama ukuta. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa Januari Dar es Salaam hufika nyuzi 32. Kwa hiyo kila wachumba huondoka na kipande kimoja ndani ya boksi. Nawaomba wakiweke juu ya meza, kwenye ukumbi au bustani yao ya harusi, saa ileile keki itakapokuwa imesimama, wakikae nacho kwa saa moja. Binti mmoja aliyefanyia harusi bustanini Mbezi alinitumia picha saa tisa na nusu alasiri: krimu ilikuwa imeteleza ubavuni na ua la juu limelala. Tulibadilisha kwenda fondanti jioni ileile.