Kilo 180 za Ghalani

Mkutano mkuu ulikuwa kesho yake, na karani kijana wa chama kimoja cha ushirika mlimani Kilimanjaro alikuwa bado anachapa leja ya zamani kwenye kompyuta: kila mkulima na kilo zake za kahawa ya maganda. Saa nane usiku kompyuta na karatasi zikagombana. Chini ya ukurasa jumla ilikuwa kilo 4,572. Juu ya ukurasa uliofuata mtu alikuwa ameandika 4,752.

Tofauti ni 180. Akaigawa kwa 9, ikatoka 20 kamili. Tarakimu mbili jirani zikipishana, tofauti hugawanyika kwa 9 daima, na hapa 5 na 7 zilikuwa zimepishana. Lakini sifuri iliyozidi nayo huacha dalili hiyohiyo: 50 ikiandikwa 500, tofauti ni 450. Kwa hiyo akajumlisha upya stakabadhi za mizani. Zikatoa 4,572.

Mbona basi hesabu zilifunga miaka yote? Kurasa chache mbele akakuta wino mwekundu: “Upungufu wa ghala, kilo 180.” Mtunza ghala alikuwa amekatwa mshahara kwa kahawa ambayo haikuwahi kufika mizanini. Wakaguzi waliona mstari huo, wakaridhika. Hesabu iliyofunga huwa haiulizwi sana.

Alfajiri mweka hazina akaingia.

“Shikamoo, mzee. Tazama hapa.”

“Marahaba.” Akavaa miwani, akasoma mara mbili. “Yule bwana yu hai, anakaa kwa mwanawe Moshi. Ongeza ajenda, kisha utafute daftari la mishahara.”